Kabla ya kununua protini nyekundu, uliza pKa yake

Niliagiza plasmidi, yaani DNA inayobeba maagizo ya kutengeneza mCherry, protini inayong'aa nyekundu, kwa sababu muuzaji aliisifu kwamba haipauki upesi, nikaiunganisha na protini ya utando wa seli niliyokuwa nikiichunguza. Katika seli hai niliona vitone vyekundu vikiangukia juu ya vitone vya kijani vya LAMP1, alama ya lisosomu, kifuko cha asidi ambamo seli humeng'enya vitu vyake, nikaandika katika rasimu kwamba protini yangu hukaa na kufanya kazi humo. Nilikosea. Tulipozitenganisha protini za seli kwa uzito na kuzitafuta kwa kingamwili dhidi ya mCherry, mstari mzito ulitokea kwenye kilodaltoni 27, ambao ni uzito wa mCherry pekee. Vimeng'enya vya lisosomu vilikuwa vimeimeng'enya protini yangu na kuiacha mCherry, yenye umbo la pipa gumu, iking'aa humo, na mimi nikayahesabu mabaki kuwa makazi.

Ndiyo maana sianzi na mwangaza, bali na pKa, yaani pH ambayo nusu ya mng'ao hupotea. Ndani ya lisosomu pH huwa karibu 4.7. EGFP, protini ya kijani yenye pKa ya takriban 6.0, hubakiwa na asilimia 5 tu ya mng'ao wake humo. mScarlet, nyekundu nyingine yenye 5.3, hubakiwa na asilimia 20. mCherry, ambayo pKa yake iko chini ya 4.5, hubakiwa na zaidi ya nusu. Hesabu hizi ni za seli hai, kwani ukizigandisha kwa formalini asidi hutoweka na mabaki huweza kung'aa tena.

Kwa hiyo chaguo langu la kwanza ni mScarlet, na sifichi mapenzi yangu kwayo: inaishinda mCherry kwa mwangaza mara kadhaa, na mabaki yake hayapigi kelele. EGFP ni ya pili, kwa anayeweza kutumia kijani. mCherry naiweka ya tatu, na inunuliwe na anayeifuatilia lisosomu yenyewe. DsRed, nyekundu nyingine unayoweza kupewa bure kutoka friji ya maabara jirani, iache, kwa kuwa hujikusanya nne nne na kuiburuta protini yako pamoja nayo.

Kinachoniuma ni kwamba ukurasa wa muuzaji ulijaa picha za kupendeza bila kutaja pKa popote, nami nililipia usafirishaji uliokaribia bei ya plasmidi yenyewe.

Hata ukichagua vyema, lenzi ya hadubini yenye NA, yaani kipimo cha upana wa pembe inayokusanya mwanga, ya 1.4 haitenganishi vitu vya kijani vilivyo karibu zaidi ya nanomita 220, ilhali protini zinazogusana huachana kwa nanomita chache tu. Kwa hiyo andika kwamba rangi mbili zimeonekana mahali pamoja, usiandike kwamba protini zimeshikana. Kisha izungushe picha ya rangi moja nyuzi 90 na kukokotoa upya kipimo cha Pearson, kinachoonyesha jinsi rangi mbili zinavyofuatana: kisiposhuka, ulichopima ni msongamano wa vitone tu.