Kukataa ombi la bajeti: jibu mwanzoni au sababu kwanza?

Katika ofisi moja ya Lubumbashi, wafanyakazi waliomba dola 1,200 za kompyuta mbili. Barua ya kwanza ya mkuu wa idara ilianza na hali ngumu ya fedha, ikaishia "tutaangalia". Wiki mbili baadaye bado walikuwa wanasubiri kompyuta.

Akaiandika upya: "Ndugu wafanyakazi, ombi lenu halikukubaliwa mwaka huu. Zimebaki dola 900, nazo zitatengeneza jenereta, maana umeme ukikatika hata kompyuta tulizo nazo zinalala. Ombeni tena Septemba, bajeti mpya inapoandaliwa."

Kwa uwazi, hii inashinda kabisa. Lakini ukimjibu mtu mmoja aliyehangaikia ombi lake, mweleze sababu kwanza, ana kwa ana. Barua yenye jibu ifuate siku hiyohiyo.