Vitabu viwili vya mboga za roshani, nilivyovitumia Dodoma

Nina vitabu viwili vya kulima mboga kwenye vyombo, na vyote nimevifanyia kazi kwenye roshani ya nyumba ninayopanga hapa Dodoma. Kimoja ni kijitabu cha Kiswahili cha kulima kwenye viroba na makopo. Kinasomeka jioni moja na ushauri wake ni mzuri, ila kinakwambia umwagilie asubuhi na jioni kana kwamba bomba linatoa maji saa zote. Cha pili ni kinene, cha Kiingereza, kimeandikwa kwa watu wa Ulaya, na bei yake inauma. Hicho ndicho nitakachokizungumzia, kwa sababu kina sura moja iliyorudisha hela yangu: ndoo inayojimwagilia yenyewe.

Unachukua ndoo mbili za lita 20 na kuzitumbukiza moja ndani ya nyingine. Nafasi inayobaki chini ndiyo tangi la maji. Ndoo ya juu unaitoboa kitako matundu madogo madogo, na katikati unakata tundu kubwa la kupitisha kopo la plastiki lililotobolewa pande zote, lifike hadi chini. Kopo hilo unalijaza udongo na kuushindilia. Huo ndio utambi: unanyonya maji na kuyapandisha kwenye mizizi. Bomba jembamba la kujazia maji unalisimamisha pembeni ndani ya ndoo ya juu, lipenye kitako hadi kwenye tangi, kisha unatoboa ndoo ya nje chini kidogo ya kitako cha ile ya ndani, ili maji yakizidi yamwagike badala ya kuozesha mizizi. Weka neti kwenye mdomo wa bomba na kwenye hilo tundu, la sivyo utakuwa unafuga mbu. Kitabu hakigusi kabisa habari za mbu.

Kinasema ujaze mara moja kwa wiki. Labda huko kwao. Tangi la ndoo hizi linaingiza lita 3 au 4 tu, na mnyanya wenye matunda unazimaliza haraka sana Septemba, upepo mkavu unapovuma kutwa. Mimi huangalia kila asubuhi kwa kuchovya kijiti ndani ya bomba. Hata hivyo, siku maji yakikatika mnyanya unavumilia, wakati mchicha wa kwenye kiroba unakuwa umeshanyauka kabla ya adhuhuri.

Udongo wanaoutaka ni wa kununua dukani, mchanganyiko wa mboji ya kinamasi na perlaiti, zile punje nyeupe nyepesi za kupitisha hewa. Ninachotumia mimi ni debe moja la udongo, moja la samadi iliyooza vizuri na moja la pumba za mpunga zilizochomwa hadi kuwa nyeusi lakini zisifike kuwa majivu. Kitabu kinakataza udongo wa shamba mtupu, na hapo kiko sahihi: udongo wetu mwekundu ukikaa kwenye ndoo unagandamana kama tofali, hewa haipiti.

Kuhusu jua, usikifuate. Kinasisitiza roshani inayotazama kusini. Sisi tuko nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, hivyo kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Roshani ya kusini itakuwa kivulini karibu kiangazi chote, msimu ambao mboga ni ghali sokoni. Ndoo nyeusi nazo zipake chokaa kwa nje, maana zinachemka na kuunguza mizizi.

Kasoro kubwa ya ndoo hii ni chumvi. Maji yetu mengi ni ya visima, na birika la chai linaota utando mweupe ndani. Kwenye ndoo hii maji hupanda tu, hayashuki, kwa hiyo chumvi yake na ile ya samadi hubaki juu ya udongo. Utaona ukoko mweupe, kisha kingo za majani zinakauka na kuwa kahawia. Maharage huonyesha mapema, spinachi huvumilia zaidi. Ukiona hivyo, kwangua ukoko, nyanyua ndoo ya juu uiweke juu ya beseni, umimine maji taratibu kutoka juu mpaka yatiririke chini kwa wingi. Maji hayo ya beseni usiyarudishe kwenye mboga.

Kitabu kinataka udongo ufunikwe kwa nailoni mwaka mzima ili mvua isiingie. Mimi nailoni nafunika kiangazi tu, kuzuia maji yasikauke. Mvua zikianza Desemba naivua na kuzisogeza ndoo ukingoni, zinyeshewe moja kwa moja. Maji ya mvua hayana chumvi, yanasafisha udongo bure, na ya ziada yanajitokea yenyewe kwenye lile tundu la pembeni. Mwambie tu jirani wa chini asianike nguo hapo.