Programu ya kukata picha yenye mwendo: ipi ulipie na ipi uiache

Mchezaji wa ngoma ya bugobogobo anapozungusha jembe pale Bujora, Kisesa, ukimpiga picha kwa 1/30 ya sekunde kifua na uso vinaweza kutoka safi, lakini mkono na jembe huacha mfuto mrefu hewani. Kisha mteja anataka mchezaji huyo akatwe na kuwekwa kwenye bango la bluu iliyokolea. Mimi hupima programu kwa picha ya aina hii kabla sijailipia, kwa sababu picha ya pasipoti kila programu inaiweza.

Ugumu wake uko kwenye pikseli za pembeni. Chukua pikseli moja ambayo mkono uliifunika kwa nusu tu ya muda ambao kamera ilikuwa wazi. Nusu nyingine ilipokea mwanga wa anga. Tuseme kwa kipimo cha 0 hadi 255 mkono una 80 na anga ina 240. Pikseli hiyo itakuwa na takriban 160: si mkono, si anga. Ukiipa uwazi wa nusu, kama inavyostahili, na kuiweka juu ya bango lenye 20, utapata 90, wakati mkono wenyewe ungetoa 50. Tofauti hiyo ndiyo utando mweupe unaouona ukizunguka mkono baada ya kukata. Kwa hiyo programu inatakiwa kufanya kazi mbili: kutengeneza maski yenye kijivu cha hatua kwa hatua, na kuondoa rangi ya anga iliyobaki ndani ya pikseli hizo.

Ya kwanza: Photoshop. Inafanya zote mbili mahali pamoja. Chagua mchezaji, fungua Select and Mask, pitisha Refine Edge Brush juu ya mfuto peke yake (usiguse uso wala kifua), kisha weka alama kwenye Decontaminate Colors. Usiivute hadi mwisho bila kuangalia, maana ikizidi mpini wa jembe huanza kuchukua rangi ya ngozi. Sababu nyingine ya kuiweka juu ni Path Blur: pale ambapo mfuto umeharibika kabisa, unakata mkono kwa ukingo mkali, kisha unaurudishia mwendo kwa kufuata mkunjo wa jembe. Kuna majaribio ya bure ya siku 7. Kabla ya kuweka kadi soma aina ya mkataba: ule wa mwaka unaolipwa kila mwezi una ada ya kuuvunja ukisitisha baada ya siku 14 za mwanzo. Kama kazi zako huja kwa msimu wa harusi na kampeni tu, usiuchukue.

Ya pili: GIMP. Ni bure, na ukishaishusha haihitaji bando. Foreground Select ina njia inayoitwa Matting Levin, inayokisia uwazi wa kila pikseli badala ya kuchora mstari. Zungushia mchezaji kwa upana, weka alama sehemu zilizo zake kwa hakika, na mfuto uuache kwenye eneo la mashaka. Ni nzito; kwenye kompyuta yenye RAM ndogo, punguza ukubwa wa picha kwanza.

Rangi ya anga utaiondoa kwa mkono, na hapa kuna siri inayofanya kazi katika programu yoyote. Geuza chaguo lako kuwa maski ya leya, kisha bofya leya yenyewe, si maski, na kwa Clone au Smudge sukuma rangi ya mkono kwenda nje mpaka ivuke mwisho wa mfuto. Usiogope kuvuka, kwani ulaini umeshikwa na maski. Leya inabeba rangi tu. Pikseli yetu ya 160 inakuwa 80, na juu ya bango inatoa 50. Kwa bajeti ya studio nyingi za mjini hapa, hii ndiyo ningeanza nayo.

Ya tatu: Photopea. Inafunguka ndani ya kivinjari, ina Refine Edge na maski, na inafaa ukiwa kwenye kompyuta isiyo yako. Kwa faili kubwa huchoka mapema.

Ya mwisho: app za simu za kufuta nyuma kwa mguso mmoja. Nyingi hukata mfuto wote na kukuachia mchezaji asiye na jembe, au hubaki na kipande cha anga kimeganda kwenye mkono. Kabla ya kulipia yoyote, weka picha iliyokatwa juu ya nyeusi tupu, kisha juu ya nyeupe tupu, uikuze mara mbili. Juu ya nyeusi utauona utando wa anga. Juu ya nyeupe utaona mahali ambapo mfuto umekatika ghafla. Kama app haikuruhusu kuifungua maski na kuipaka kijivu mwenyewe, kasoro hizo huwezi kuzirekebisha humo.