Dawa ya mkojo wa paka: nunua ya kumimina, ya kupulizia waachie wenyewe

Mvua zimerudi Kampala na meseji zenu zote zimekuwa za aina moja: sofa lilisafishwa kipindi cha jua, likakauka, likapona kabisa, na sasa linanuka kana kwamba paka amekojoa leo asubuhi. Msomaji mmoja wa Kisaasi anasema ameshapitisha dawa ya vioo, akapitisha jiki, akanunua na kichupa cha kupulizia chenye picha ya paka anayecheka, na bado mgeni akifika mlangoni anauliza "kumbe mna paka?" hata hajaketi. Haya, leo tumalize hili.

Mkojo wa paka ukiwa bado mbichi haunuki sana, labda awe shume ambaye hajahasiwa, huyo ana yake. Shida inaanza baadaye, bakteria wakishaanza kuivunja yurea iliyomo na kutoa amonia, ndiyo ile inayokuchoma pua na macho. Amonia yenyewe inaruka na hewa, inaisha. Zinazobaki ni harufu za salfa, ambazo madume wanazo nyingi zaidi, pamoja na chembe za asidi ya yuriki, na hizi ndizo zinazowatesa watu kwa sababu maji hayaziyeyushi. Gramu moja tu inataka maji kama lita 15! Sasa wewe na ndoo yako ya kupigia deki unatoa rangi, unatoa yurea, unatoa chumvi, halafu chembe zinabaki zimekaa zao ndani ya sponji au kwenye vitundu vya sakafu ya simenti. Jua likiwaka zinatulia, hewa ikijaa unyevunyevu harufu inaamka upya. Kwa hiyo sofa halikuwahi kupona, lilikuwa limekauka tu.

Enzaimu zinafanya kazi ambayo sabuni haiwezi, zinaivunja chembe yenyewe. Iko enzaimu ya kushughulikia asidi ya yuriki, inaigeuza kitu kingine kinachoyeyuka kwenye maji, iko ya yurea, iko ya protini. Dawa nyingi nzuri zina na bakteria wasio na madhara ambao wanaendelea kutengeneza enzaimu zaidi maadamu pale mahali pana majimaji. Shika hilo neno majimaji, ndilo litakalokuonyesha pesa yako inapotelea wapi.

Lakini kwanza amonia, maana bado naona watu wanainunua. Zipo dawa za vioo na za kung'arisha sakafu zenye amonia, na ukiipaka pale alipokojoa paka pua yako inasema pamekuwa safi, ila pua ya paka inasema kuna paka mwingine amepita hapa na kuacha alama. Anachofanya ni kurudi kuweka yake juu. Nimeona nyumba ambako mama anafuta kila siku na paka anakojoa kila siku, palepale, na mama anaapa kwamba paka ana roho mbaya! Paka hana shida, ni hiyo chupa. Tena jiki usiiguse kabisa hapo, jiki ikikutana na amonia ya mkojo inatoa gesi ya kloramini inayoumiza mapafu, yako na ya paka, na chumba kikiwa kimefungwa ni hatari kweli. Na hata usipougua, mabaki ya jiki yanaziua enzaimu utakazozimwaga kesho yake.

Sasa kwenye kununua. Kila anayeniuliza anauliza ipi ina harufu nzuri, ipi imeandikwa imepigiwa kura na madaktari wa mifugo. Mimi naangalia kifuniko. Ndiyo, kifuniko, msinicheke.

Paka mkubwa wa kilo nne akikojoa mara moja anatoa kama mililita 20 hadi 40, tuseme 30. Kile kichwa cha kupulizia ukikibonyeza kinatoa karibu mililita moja. Maana yake ili umwage dawa sawa tu na mkojo ulioingia unatakiwa ubonyeze mara 30, na sawa haitoshi, unataka kama mara mbili yake ili dawa ishuke hadi mkojo ulikofika na ipite kidogo. Hizo ni mara 60. Nani anabonyeza mara 60? Watu wanapiga tano, sita, juu juu, kitambaa kinaloa, nusu saa kimekauka, wakati mkojo wenyewe uko chini inchi tatu ndani ya sponji umelala kwa amani. Enzaimu zikikauka kazi imekwisha. Halafu mtu ananiandikia kwamba dawa za enzaimu ni uongo. Si uongo dada yangu, dawa haijawahi kukutana na mkojo! Na wanaoziuza wanajua, ila chupa yenye kichwa cha kupulizia inapendeza kwenye kabati la duka.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni Nature's Miracle ya paka, ile chupa ya kumimina ya mililita 946, isiyo na kichwa cha kupulizia. Sifichi, naipendelea na nitaendelea kuipendelea. Unafungua, unamimina, inashuka. Ukitumia mililita 60 hadi 100 kwa kojo moja kwenye sponji unapata kama mara kumi kwenye chupa moja. Ipo hadi ya galoni kwa wenye paka wengi au wenye nyumba ambayo mpangaji aliyepita alifuga bila kusafisha. Kasoro yake ni manukato, nyingine zimetiwa mengi mno, na manukato yanakuzuia kujua kama mkojo umekwisha au umefunikwa tu, basi ukiwa na uchaguzi chukua yenye manukato kidogo.

Namba mbili Rocco & Roxie. Dawa nzuri, sina ugomvi nayo, ila mara nyingi inakuja na kichwa cha kupulizia, fungua kichwa uweke pembeni, mimina kwa mdomo wa chupa. Namba tatu Simple Solution, ina enzaimu na bakteria, maelekezo ni yaleyale. Zote hizi hapa Uganda zinakuja kwa kuagiza au kwenye begi la mtu anayetoka nje, maduka machache ya wanyama yanazo leo na kesho hayana, kwa hiyo usisubiri mpaka paka akojoe ndiyo uanze kutafuta.

Za bei rahisi: sabuni ya unga yenye enzaimu ni nzuri kwa shuka na foronya, itavunja protini, asidi ya yuriki haiigusi. Siki na magadi vinapunguza harufu kwa muda, na siki inakula terazo, mwenye nyumba atakutafuta. Basi.

Nirudi kwa msomaji wa Kisaasi, mto wake wa sofa una sponji ya inchi nne na ganda lenye zipu. Nilichomwambia ndicho hiki. Vua ganda, lioshe peke yake kwa maji baridi, usitumie ya moto kwa sababu joto linaigandisha protini kwenye uzi, na usitie ile dawa ya kulainisha nguo. Sponji imwagie maji baridi ya kawaida na uikandamize na taulo, mara kadhaa, kwa sababu humo ndani kuna jiki na dawa ya vioo vya wiki iliyopita na lazima vitoke kwanza. Usiku azime taa atumie ile tochi ndogo ya zambarau ambayo mawakala wa mobile money wanakagulia noti bandia, mkojo wa zamani unang'aa rangi ya manjano hafifu, na karibu kila mara doa linakuwa kubwa kuliko alilolijua (sabuni nyingine nazo zinang'aa, kwa hiyo anuse kabla ya kuamini). Achore duara kwa chaki, aongeze upana wa kiganja pembeni kila upande, maana chini mkojo umetanuka.

Kisha amimine dawa ya enzaimu taratibu mpaka akibinya upande wa chini wa sponji ahisi unyevu umefika. Hapo ndipo afunike na kaveera ili isikauke, aiache usiku kucha, hata saa 24. Harufu inaweza kuzidi siku hiyo ya kwanza na hapo ndipo wengi wanaogopa wanakimbilia jiki tena. Enzaimu ikiivunja yurea iliyobaki inatoa amonia kidogo, ile ya kuruka na kuisha. Avumilie tu. Baada ya hapo atoe kaveera, aanike kivulini penye upepo, siku mbili au tatu kwa sponji nene.

Na asiniambie imepona ikiwa kavu! Achukue maji safi, aloweshe kipande kidogo pale katikati, asubiri dakika kumi, anuse. Hapo ndipo jibu lilipo. Ikinuka arudie, doa la zamani mara nyingi linataka awamu mbili au tatu.

Sakafu ya simenti tupu inakunywa mkojo karibu kama sponji, mimina na ufunike vilevile. Vigae vyenyewe havina neno, mkojo uko kwenye ile mistari ya katikati, mwaga hapo. Mbao, zile za nyumba za zamani za Entebbe na Kololo, usizilowanishe hivi kwa sababu zitavimba, weka kitambaa kilicholoa dawa juu yake, na kama mkojo umeshashuka chini ya mbao hakuna chupa itakayoufikia, ni fundi ang'oe. Na paka akianza ghafla kukojoa nje ya boksi lake la mchanga mpeleke kwa daktari wa mifugo, tena dume anayejikamua hatoi kitu ni wa kukimbizwa siku hiyohiyo.

Mwisho, nyinyi wauzaji. Duka moja hapa mjini, silitaji, lilikuwa limepanga chupa zote dirishani zikichomwa na jua la saa nane, enzaimu ni protini, joto linaziua, nikamwambia kijana akajibu eti hiyo ni dawa, haiharibiki. Nikageuza chupa, tarehe ya kuisha imebandikiwa stika ya bei. Na kuna wanaopimia kwenye chupa za maji ya kunywa, hakuna jina, hakuna tarehe, unaambiwa ni ya Amerika, bei ileile ya chupa nzima. Ukiona stika imefunika tarehe omba uibandue mwenyewe kabla hujatoa hela, na kama wakikataa toka.