Waya waliuondoa, na simba wangu wakamwondoa

Nilingoja hasira ipoe ndipo niandike, haikupoa. Nilipeleka studio picha ya simba jike niliyempiga kwenye kituo cha wanyama yatima cha Nairobi, pale langoni mwa hifadhi ya taifa, waniondolee waya wa uzio uliompita usoni. Waya sasa hauonekani. Lakini simba waliyenirudishia si yule niliyempiga.

Tatizo liko shavuni. Waya ulikatiza shavu lililo kushoto mwa picha, mshazari, kutoka chini ya jicho hadi kwenye mashina ya masharubu. Ni mstari mwembamba tu. Badala ya kuujaza mstari huo, fundi alinakili shavu zima la upande wa pili, akaligeuza kama linavyoonekana kwenye kioo, akalibandika. Nilijua mara tu nilipoikuza picha. Jua siku ile lilitoka kulia, kwa hiyo shavu la kushoto lilikuwa kivulini. Sasa yote mawili yanang'aa sawasawa. Na kovu dogo la chini ya jicho la kulia limezaa pacha upande wa kushoto!

Nilipomwonyesha, hakuinua hata macho. "Simba ni simba tu, dada. Nani atajua?"

Nitajua mimi, na atajua yeyote anayewafahamu simba. Masharubu ya simba hutoka kwenye madoa meusi yaliyojipanga kwa mistari mdomoni. Mstari wa juu kabisa huwa na madoa machache, na mahali yalipokaa juu ya mstari unaofuata hutofautiana kati ya simba na simba. Mwaka 1970 watafiti Pennycuick na Rudnai walichapisha njia ya kumtambua simba mmoja mmoja kwa madoa hayo, na Rudnai aliwachunguza simba wa hifadhi hiyohiyo ya Nairobi. Upande wa kushoto na wa kulia haufanani, ndiyo maana watafiti huandika pande zote mbili. Ukigeuza shavu, umemvika mnyama alama zisizo zake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilimpa dawa mkononi. Nilikuwa nimepiga picha kadhaa za simba yuleyule akiwa ametulia, kila mara nikisogea kidogo pembeni. Waya uko karibu na kamera, simba yuko mbali, kwa hiyo ukisogea kidogo tu waya unahama usoni pake. Kilichofichwa kwenye picha moja kinaonekana kwenye nyingine. Kazi ilikuwa kuweka picha ya pili juu ya ya kwanza kama tabaka jipya, kulinganisha macho na pua, kisha kufunua kwa barakoa kile kipande kilichozibwa tu. Madoa yangekuwa ya simba mwenyewe. Hakuzifungua hata moja.

Manyoya ya shingoni nayo yanahitaji subira aliyokosa. Hapo hakuna alama za kupotea, kwa hiyo `Clone Stamp` ya Photoshop inatosha, kwa brashi pana kidogo tu kuliko waya, ukichota karibu na unapojaza na kufuata manyoya yanakolala. Yeye amepitisha `Spot Healing Brush` kwa mkupuo mmoja, na inavuta rangi za jirani hadi manyoya yamekuwa kama uji. Tena waya uliopigwa na jua, ukiwa nje ya fokasi, huacha utando mweupe mpana kuliko waya wenyewe. Utando huo hauhitaji kufutwa, maana manyoya bado yapo chini yake. Unaurudishia weusi wake kwa `Curves` kwenye ukanda ule peke yake. Yeye amefuta vyote, manyoya mazima na yote.

Nilitaka kuandika kwamba msiende kabisa. Lakini nikitazama nyuma ya simba, lazima nikiri kazi ni safi mno. Nyasi, kivuli cha mti, ukuta wa mawe, waya ulipita kote na sijaona hata mahali pamoja panapojirudia. Ana mkono mzuri huyu kijana, na hilo ndilo linalonikasirisha. Angeweza!

Basi, kwa mandhari ninawapendekeza, tena kwa moyo. Kwa uso wa mnyama, hapana. Au labda ndiyo, mkimsimamia akiwa kazini na mkikataa kulipa hadi awape faili lenye matabaka yake. Mimi alinipa JPEG iliyokwisha kuunganishwa, kwa hiyo siwezi kuchukua nyasi zake nzuri na kurekebisha shavu peke yake bila kuanza kuchonga upya ukingo wa kichwa. Nimemwomba faili la awali mara kwa mara. Jana kaniandikia kwamba amelifuta.