Vidonge, unga au dawa ya kusuuzia: ununue nini kwa mashine ya kuoshea vyombo Mbeya

Nikupe jibu kwanza. Kwa nyumba ya Mbeya, namba moja ni unga, pamoja na chupa ya dawa ya kusuuzia. Namba mbili ni vidonge vya kawaida. Vile vidonge vya bei ya juu vinavyodai kuwa na kila kitu ndani nimeviweka mwisho.

Sababu ya kwanza ni baridi. Mashine nyingi huanza kwa kumwagia vyombo maji bila kuyapasha moto, kisha huyatoa na kuvuta mengine kwa ajili ya uoshaji wenyewe. Kidonge kinakaa kwenye kijisanduku kilichofungwa mlangoni, kwa hiyo maji yale ya kwanza hayapati dawa yoyote. Mwezi wa saba pale Uyole, maji ya bomba yanauma vidole, na mafuta ya nyama yanaganda tu kwenye sahani. Unga unakuruhusu kunyunyizia kijiko cha chai juu ya mlango wenyewe, nje ya kijisanduku, ili hata maji ya kwanza yafanye kazi. Ndani ya kijisanduku naweka gramu kama 15. Ukijumlisha na kile kijiko cha nje, kama gramu 20 kwa mara moja, kilo moja inaosha karibu mara 50, wakati pakiti ya vidonge 30 inaosha mara 30 basi. Ukiwa dukani, gawanya bei kwa idadi ya kuosha, usilinganishe pakiti kwa pakiti.

Ukikuta kidonge kimebaki nusu, kinateleza chini ya mashine, usikimbilie kulaumu dawa. Angalia kama sahani kubwa au mpini wa upawa ulizuia kijisanduku kufunguka. Kama haukuzuia, basi huenda ulitumia programu fupi ya nusu saa, ambayo haitoshi kuyeyusha kidonge kwenye maji yaliyoingia ya baridi vile.

Sababu ya pili niliilipia kwa glasi sita za mgeni. Baada ya miezi michache ya vidonge, zilikuwa na ukungu mweupe. Nilidhani ni chokaa ya maji, nikaongeza chumvi ya mashine, ile ya kulainisha maji. Hali ikazidi. Mwishowe nikapaka siki kwenye glasi moja, nikasubiri dakika kumi, nikasuuza. Ukungu ulikuwa pale pale. Chokaa ingetoka kwa siki; usiotoka ni kioo chenyewe kilicholika, na hakirudi. Maji laini, dawa nyingi na moto mkali ndivyo vinavyokila, na birika langu la umeme lilikuwa limeshanionyesha kuwa maji yetu ni laini: halina gamba jeupe ndani hata baada ya mwaka. Angalia birika lako kabla ya kununua chumvi. Likiwa safi, weka kipimo cha ugumu wa maji cha mashine chini kabisa na upunguze dawa. Kidonge huwezi kukipunguza vizuri, unga unaweza.

Dawa ya kusuuzia si sabuni. Inatoka kwenye maji ya mwisho na kuyafanya yateremke kama utando badala ya kubaki matone, ndiyo maana vyombo vinakauka bila madoa. Anza na kipimo cha chini. Ukiona michirizi ya rangi kama ya mafuta, umezidisha. Vyombo vya plastiki havikauki vizuri hata hivyo. Na tafadhali usiweke sabuni ya unga ya nguo wala ya maji ya kuoshea vyombo: povu litafurika jikoni.

Je, mashine inashinda mikono? Kwa maji, ndiyo, lakini si kwa mbali. Mashine ya kisasa hutumia lita 10 hadi 15. Mabeseni mawili, moja la sabuni na moja la kusuuzia, ni kama lita 20. Anayeacha bomba likitiririka ndiye anayepoteza sana. Kwa umeme mikono inashinda: kuchemsha birika la lita mbili hakufiki robo ya yuniti, mashine inakula karibu yuniti nzima. Inachokupa mashine ni maji ya moto ambayo mkono hauvumilii, na jioni ya baridi bila kuchovya mikono.

Ila sufuria zako za alumini zisiingie. Dawa hizi zina magadi makali, zitatoka nyeusi na kufifia. Mwiko wa mbao utapasuka, na ukoko wa ugali lazima uloweke na kukwangua mwenyewe. Kwangu mashine inabeba sahani, vikombe, vijiko na bakuli za mboga. Sufuria bado ziko kwenye beseni, kila siku.