Mishumaa ya Kawaida na Mishumaa ya Wastani

Mwekezaji wa Mombasa anayefuatilia Soko la Hisa la Nairobi kwenye simu anaweza kuchagua kati ya aina mbili za mishumaa, yaani vijiti vya chati vinavyoonyesha mwendo wa bei wa kila siku: ile ya kawaida, inayoonyesha bei halisi za mauzo, na ile ya wastani, yaani Heikin Ashi, inayolainisha bei ili mwelekeo uonekane.

Katika mshumaa wa wastani, bei ya kufungulia ni wastani wa bei ya kufungulia na ya kufungia za mshumaa wa wastani uliotangulia, na bei ya kufungia ni wastani wa bei nne za siku: ya kufungulia, ya juu kabisa, ya chini kabisa na ya kufungia. Tuseme mshumaa wa wastani wa jana ulianzia shilingi 100 ukaishia 104, na leo hisa imefunguliwa kwa 103, ikafika 104, ikashuka hadi 97 na kufungwa kwa 98. Mshumaa wa leo utaanzia 102 na kuishia 100.50, ilhali sokoni bei ni 98; mwenye hisa 1,000 anayeiamini chati hiyo amekosea kwa shilingi 2,500.

Aidha, kwa kuwa kila mshumaa huanzia katikati ya uliotangulia, pengo la bei kati ya jana na leo hufichika, na mgeuko wa bei huonekana kwa kuchelewa. Kwa hiyo, bei ya kuuzia na ya kukomesha hasara husomwa kwenye mishumaa ya kawaida pekee.